Pikipiki Hii ni ya Nani?

Wako ndugu zetu wengi, wafanyakazi wa viwandani, bandarini na mashambani, ambao wamekusanya akiba yao shilingi kwa shilingi wakanunua pikipiki ya mkono wa pili ili jioni na siku za mapumziko wapate kuongeza pato la nyumbani. Ukimwuliza mmoja wao pikipiki ni ya nani, atakujibu bila kusita kuwa ni yake, na atakutolea mfukoni karatasi ya mauziano iliyotiwa sahihi na watu wanne. Lakini daftari la Serikali ukilifunua, utakuta jina la mtu mwingine kabisa, ambaye yeye hamjui wala hajapata kumwona. Sisi twaona kwamba jambo hili limekwisha kuwa maradhi katika nchi ya Kenya, na leo tunataka kulieleza kinaganaga, kwa sababu tangu shughuli za usajili zihamishiwe katika mtandao, dawa ya zamani haiponyi tena.

Yafaa tuanze na sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, yaani Sura ya 403, yasema katika kifungu cha 8 kwamba mtu ambaye jina lake limeandikwa katika usajili wa chombo ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu kinachofuata chasema chombo kilichouzwa kisitumiwe barabarani zaidi ya siku 14 tangu siku ya kuuzwa kama mwenye kukinunua hajasajiliwa. Maneno haya machache yana mambo mawili ndani yake, na msomaji ayapime vizuri. La kwanza ni kwamba karatasi ya mauziano si kitu cha kutupwa, maana sheria yenyewe imeacha mlango wa kuthibitisha vinginevyo. La pili ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko juu ya yule asiye na jina lake daftarini. Pikipiki ikikamatwa, yeye ndiye atakayezunguka kutafuta mashahidi. Na ikigonga mtu, yule aliyeiuza miaka mitatu iliyopita, na ambaye hata rangi yake ameisahau, ndiye atakayepelekewa hati ya kuitwa mahakamani. Basi uvivu wa kuhamisha jina hauna faida kwa upande wowote. Muuzaji anadhani amekwisha kupumzika, kumbe amejiachia deni ambalo halijui kiasi chake.

Zamani mambo yalikwendaje? Kabla ya Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, ambayo wote twaiita NTSA kwa sheria iliyoiunda mwaka 2012, kazi ya usajili ilikuwa chini ya idara ya kodi, nayo ilifanywa kwa karatasi. Muuzaji alitia sahihi fomu ya kuhamisha, akaacha mahali pa jina la mnunuzi pakiwa patupu, akampa mwenziwe pamoja na kitabu cha umiliki, kile kitabu ambacho watu wamekwisha kukizoea kwa jina la logibuku. Aliyenunua naye alipouza, aliipitisha fomu ileile tupu kwa wa tatu, na wa tatu kwa wa nne. Chombo kiliweza kupita mikono mitano bila jina kubadilika, na kila mtu akiamini kuwa siku atakapotaka, atajaza jina lake na mambo yatakwisha. Hatusemi kuwa desturi hiyo ilikuwa njema. Ilikuwa mbaya; lakini angalau mtu wa mwisho alikuwa na ufunguo mkononi mwake.

Leo ufunguo ule hauko katika karatasi. Mwaka 2023 shughuli za NTSA zilitolewa katika mtambo wake wa awali, ulioitwa TIMS, zikatiwa katika eCitizen, mahali ambapo raia huingia kwa nambari ya kitambulisho chake na neno lake la siri. Kuhamisha umiliki huanzwa na yule ambaye jina lake limo daftarini. Yeye ndiye aingiaye katika akaunti yake, achague chombo, na kuandika habari za anayemwuzia. Kisha mnunuzi naye huingia katika akaunti yake mwenyewe, aone kwamba ameletewa chombo fulani, naye akubali. Ada hulipwa kwa simu, na kwa magari hutofautiana kwa kadiri ya ukubwa wa injini. Mnunuzi hawezi kulianzisha jambo hili peke yake, hata awe na logibuku, funguo, na karatasi yenye mihuri kumi. Maana yake ni kwamba sahihi ya muuzaji sasa ni akaunti yake.

Tuchukue mfano, ili jambo lionekane wazi. Mtu wa kwanza alinunua pikipiki mpya dukani, na jina lake likaandikwa. Akaiuza kwa wa pili, ambaye ni mchuuzi wa pikipiki. Huyu hakuhamisha jina, maana aliona ada ni hasara kwa kitu atakachokiuza baada ya juma moja. Mchuuzi akamwuzia mfanyakazi wa kiwanda, akampa logibuku na nakala ya kitambulisho cha mtu wa kwanza. Mfanyakazi akaiendesha mwaka mzima bila taabu. Siku alipotaka kuiweka rehani apate mkopo wa karo ya shule, mkopeshaji alipotazama daftari aliona jina si lake, akamrudisha. Akamwendea mchuuzi, naye akasema, “Mimi sina uwezo, jina si langu.” Akampigia simu mtu wa kwanza, simu haipatikani. Baada ya kuulizauliza akaambiwa kuwa mtu yule alifariki. Hapo ndugu yetu yuko katika hali gani? Sahihi ya marehemu haipo tena, na mali iliyoandikwa kwa jina la marehemu ni sehemu ya mirathi yake. Hivyo ni lazima warithi wapate idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi kabla hawajaweza kuhamisha kitu. Warithi wenyewe yamkini hawana habari kwamba kuna pikipiki, na wakipata habari, yamkini wataitaka.

Kosa la mfanyakazi yule halikuwa kununua pikipiki ya mkono wa pili. Kosa lilikuwa kumlipa fedha zote mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kumhamishia. Sisi twasema hili lingeonekana kwa muda wa dakika chache, kama angaliomba nakala ya kumbukumbu za chombo kabla ya kutoa fedha. Mtu yeyote aweza kuiomba kwa njia ileile ya mtandao, kwa ada ndogo, akiwa na nambari ya bamba tu. Karatasi ile humwonyesha jina la aliyesajiliwa, nambari ya chasisi, nambari ya injini, na kama kuna mkopeshaji aliyekitia chombo rehani. Jina likiwa si la yule anayesimama mbele yako akitaka fedha, basi unazungumza na mtu wa katikati, na mazungumzo yako hayana budi kumfikia mwenye jina. Na ikiwa rehani ipo, mkopeshaji lazima aiondoe kwanza. Pasipo hivyo chombo hakihami, muuzaji aapishwe viapo vyote.

Sasa tuje kwenye nambari zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupita haraka, wakifikiri ni mapambo ya karatasi. Bamba laweza kubanduliwa kwa bisibisi. Daftari hukijua chombo kwa chuma chake, yaani kwa nambari iliyogongwa katika chasisi na ile iliyogongwa katika injini. Katika pikipiki zilizo nyingi barabarani kwetu, nambari ya chasisi hugongwa katika shingo la usukani, pale bomba la mbele linapoungana na fremu, nayo ya injini hugongwa chini ubavuni mwa injini, mara nyingi upande wa kushoto karibu na gia. Mahali hapo pana mafuta na vumbi. Pasafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, tena mwanga wa tochi uelekezwe kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ndipo alama zitasomeka. Mafundi wa zamani walikuwa na njia nzuri ambayo hata leo haijazidiwa: huweka karatasi nyembamba juu ya chuma, wakaisugua kwa penseli ya risasi, na nambari ikajitokeza kama ilivyo, bila jicho la mtu kukosea.

Nambari ya chasisi ya pikipiki mpya, na ya magari mengi ya ulimwengu, ina alama 17, herufi na tarakimu zikiwa zimechanganyika. Tatu za mwanzo humtaja aliyeitengeneza. Mathalan MD2 ni alama ya kampuni ya Bajaj ya India, ambayo pikipiki zake za Boxer zimejaa katika vituo vyetu vya bodaboda. Liko jambo moja ambalo lingewaokoa wengi lau wangelijua. Katika nambari hizi za alama 17, herufi I, O na Q hazitumiki kamwe. Ziliachwa kwa makusudi, zisifanane na moja na sifuri. Basi kila duara unaloliona katika chasisi ya namna hiyo ni sifuri, na kila kijiti kilichosimama peke yake ni moja. Karani akikuandikia nambari inayoishia na O4I37, huna haja ya kwenda kutazama pikipiki ndipo ujue amekosea. Sharti iwe 04137. Kadhalika ukihesabu ukapata alama 16 au 18, kuna moja iliyoanguka au iliyozidi. Walakini kanuni hii haiihusu nambari ya injini. Ya injini kila mtengenezaji huiandika apendavyo, fupi au ndefu, na herufi zozote, kwa hiyo hapo hakuna njia ila kuinama na kusoma chuma.

Magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani nayo yana desturi yake, na wasomaji wenye nia ya kununua gari wasishtuke. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani halina alama 17. Lina jina la umbo lake, kisha kistari, kisha mfululizo wa tarakimu; kwa mfano Toyota huanza NZE121, halafu kistari na tarakimu saba. Mtu asijaribu kuijaliza kwa sifuri ili zitimie 17, maana tumesikia wako wafanyao hivyo kwa kudhani kuwa fomu inawataka. Na katika hati ya Japani ya kulitoa gari nchini, mahali pa injini huandikwa aina tu, mfano 1NZ. Hiyo 1NZ si nambari ya injini yako. Ni jina la aina ya injini ambalo magari ya Toyota yasiyo na idadi wanalo. Nambari yako ni ule mfululizo uliogongwa pamoja na jina hilo katika bloku ya injini, na aliyenakili hati tu bila kufunua boneti amejaza nafasi ile kwa kitu kisichotambulisha lolote.

Kwa nini tunayasisitiza mambo haya madogo? Kwa sababu kosa la herufi moja siku ya kwanza halimuumizi mtu siku hiyo. Pikipiki itatembea, bamba litang'aa, na bima italipwa. Kosa litalala mpaka siku ya ukaguzi, au siku ya kuuza, au siku chombo kitakapoibwa na kupatikana wilaya nyingine, na afisa akilinganisha karatasi na chuma akaona havilingani. Mbele ya afisa huyo, nambari iliyokosewa na karani na nambari iliyobadilishwa na mwizi zinafanana sana. Wewe uliye mwaminifu utaambiwa ulete nyaraka za tangu dukani.

Mwizi naye ana alama zake. Nambari halisi ya kiwandani imepangwa kwa mstari ulionyoka, kina chake kimoja, maumbo yake ya namna moja. Ukiona tarakimu moja imezama kuliko wenziwe, au chuma kimekwaruzwa kwa tupa pale tu penye nambari, au fremu ni kuukuu na ina kutu lakini shingoni ina rangi mpya na kovu la kulehemu, acha biashara hiyo, hata kama bei ni nusu ya bei ya soko. Zaidi sana ikiwa bei ni nusu ya bei ya soko.

Injini ina shauri lake. Tofauti na chasisi, injini ni kitu ambacho hubadilishwa kwa haki. Pikipiki ya bodaboda hufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na si ajabu injini kufa fremu ingali nzima. Mwenyewe huenda kwa wauza vyuma, akanunua injini iliyotolewa katika pikipiki iliyopondeka, akaitia. Amefanya jambo la halali, ila hakuiarifu Mamlaka ibadilishe habari daftarini, wala hakudai risiti. Basi pikipiki yake sasa ina chasisi ya kweli na injini ya mtu mwingine. Ikiwa injini ile ilitoka katika pikipiki ya wizi, yeye ndiye aliye nayo mikononi. Risiti ya injini, yenye nambari yake iliyoandikwa waziwazi, pamoja na jina na kitambulisho cha aliyeuza, ni hati ya umiliki sawa na logibuku, nayo ipelekwe pamoja na ombi la kubadilisha habari za chombo. Mnunuzi wa pikipiki kuukuu akikuta chasisi inalingana na daftari lakini injini hailingani, asikimbilie kumwita mwenziwe mwizi. Amwambie alete risiti hiyo, tena arekebishe daftari kwanza, ndipo wazungumze bei.

Liko na jambo la akaunti, ambalo kwa maoni yetu limechukuliwa kwa wepesi mno. Wengi wa ndugu zetu hawakufungua akaunti zao za eCitizen wenyewe. Walikwenda katika vibanda vya kompyuta, kijana wa kibandani akawafungulia, akaandika nambari yake ya simu au anwani yake ya barua kwa sababu mteja hakuwa nayo, akatunga neno la siri, akaliandika katika daftari lake la mezani. Hatumsingizii kijana kwamba ni mbaya. Lakini tumekwisha kusema kwamba akaunti sasa ndiyo sahihi. Na nani atakayekubali kumwachia mtu wa kibandani sahihi yake? Yule awezaye kuingia katika akaunti yako na kuupokea ujumbe wa simu wa kuthibitisha, aweza pia kukiuza chombo chako ukiwa umelala. Mtu na arudi, abadilishe nambari ya simu iwe yake, na neno la siri liwe lake peke yake. Hilo ni la kufanywa hata kabla ya kununua chochote.

Basi mauziano yafanyweje? Sisi twaona njia iliyo salama ni hii. Siku ya kukutana, wanaouziana wasome nambari mbili katika chuma, si katika logibuku, waziandike katika karatasi ya mauziano, kisha walinganishe na nakala ya kumbukumbu. Karatasi itaje tarehe na saa ya kukabidhiana, kwa kuwa chombo kikigonga mtu jioni, swali la mahakamani litakuwa nani alikuwa nacho jioni ile. Mnunuzi alipe sehemu, tena kwa simu au benki ili ushahidi ubaki, na salio lilipwe wakati muuzaji atakapokuwa amekwisha kuanzisha uhamisho, na mnunuzi ameuona katika akaunti yake mwenyewe. Muuzaji akisema, “Nipe fedha zote leo, uhamisho nitaufanya kesho,” ajibiwe kwa adabu kwamba hata fedha zitakuja kesho. Wanaonunua pikipiki mpya dukani kwa mkopo nao waulize mapema jina la nani litaandikwa, la mnunuzi peke yake au pamoja na mkopeshaji, na nani atakayeanzisha kuondoa jina la mkopeshaji deni likiisha. Wako waliomaliza deni lao hadi shilingi ya mwisho, wakaendelea miezi kadhaa kupanda pikipiki ambayo daftarini bado ina jina la mwingine, kwa kuwa hapana aliyeona ni kazi yake kubonyeza kitufe.

Yote hayo ni wajibu wa anayenunua na anayeuza. Lakini haitakuwa haki kuwatupia wao mzigo wote. Mamlaka ilipoifunga njia ya fomu tupu ilifanya vizuri, nasi twaiunga mkono. Ila ilipoifunga, ndani yake walikuwamo watu wengi waliokwisha kununua kwa desturi iliyokuwa ikijulikana na wote, nao wakabaki nje ya mlango na vitabu vyao mkononi. Mtu wa namna hiyo leo huambiwa akamtafute mwenye jina. Akiwa hai na anapatikana, vema. Akiwa kampuni iliyofungwa, au marehemu ambaye warithi wake wametawanyika, kumwambia dereva wa bodaboda afungue kesi kwa ajili ya pikipiki ambayo thamani yake yaweza kupitwa na gharama ya wakili, ni sawa na kumwambia asiihamishe kabisa. Na asipoihamisha, daftari la Serikali litaendelea kusema uongo, na siku ya ajali familia ya marehemu ndiyo itakayobishiwa hodi.

Tunayoyaomba si makubwa. Mamlaka itoe muda maalumu, itangaze katika magazeti na redio, ambapo mtu aliye na chombo mkononi, logibuku ya asili, mfululizo wa karatasi za mauziano hata kama umekatika, na nambari za chasisi na injini zilizokaguliwa na kukutwa sawa na daftari, apokelewe ombi lake bila kumtegemea mwenye jina. Jina la yule aliyesajiliwa litangazwe kwa siku kadha, apate nafasi ya kupinga. Polisi watazame kama chombo hakimo katika orodha ya vilivyoibwa. Asipotokea mpingaji, jina lihamishwe. Na maafisa wa kazi hiyo wapelekwe mpaka kwenye vituo vya bodaboda na malango ya viwanda, wakiwa na tochi na karatasi za kusugua nambari, maana huko ndiko pikipiki ziliko.